Matiti yanauma, chuchu zimekuwa nyeusi: mkunga wa Lamu ajibu

*Matiti yanauma hata kanga ikiyagusa, na siku zangu bado hazijafika. Nilipima usiku, mstari ukawa mmoja. Nina mimba au sina? (Matondoni)*

Matiti peke yake hayawezi kukwambia, mwanangu. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupanda, matiti yakajaa na kuuma, mimba iwepo isiwepo. Hedhi ikija, kwa kawaida maumivu hupoa. Mimba ikiwepo, huendelea.

Kipimo cha mkojo chatafuta homoni nyingine, inayoanza kutoka mimba ikishajishikiza kwenye mji wa uzazi. Kabla ya siku zako kufika huwa ni kidogo mno. Mama mmoja wa Langoni niliyemhudumia alianza hedhi tarehe 2 Machi, na mzunguko wake ni wa siku 28, kwa hivyo alitarajia nyingine tarehe 30. Akapima tarehe 26 usiku, tumbo limejaa chai na maji: mstari mmoja. Nikamwambia avute subira. Tarehe 6 Aprili, kwa mkojo wa kwanza wa alfajiri, mistari ikawa miwili, naye tayari ni wa wiki tano, maana twahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Nawe fanya vivyo hivyo: ngoja siku zipite, pima asubuhi, na ukikosa jibu rudia baada ya wiki.

*Chuchu zangu zimekuwa nyeusi na duara lake lina vipele. Mavyaa asema ni mtoto wa kiume. Kweli? (Shela)*

Mheshimu mavyaa, lakini weusi huo hautambui mume wala mke. Homoni za mimba huzidisha rangi ya ngozi, na chuchu ndipo panapoonekana mapema. Mara nyingi huonekana wazi kuelekea mwezi wa tatu, ingawa kwa mwenye chuchu nyeusi tangu awali huenda usione tofauti yoyote. Vipele ni vitezi vya mafuta yanayolainisha chuchu. Tafadhali usivikamue, vitaingia uchafu na kutunga usaha.

*Nina wiki saba. Matiti yameacha kuuma ghafla. Mimba imetoka? (Faza)*

Si lazima. Maumivu huja na kwenda, na wengi hupoa kabisa baada ya wiki ya 12. Kama huna damu wala maumivu ya tumbo, nenda kliniki siku ya kazi ukaangaliwe.

Lakini kama chini ya tumbo kwauma upande mmoja, au bega lauma bila sababu, au wahisi kizunguzungu cha kuzimia, hata kama damu ni matone tu, mimba huenda imetunga nje ya mji wa uzazi, na mrija ukipasuka damu humwagika ndani. Hapo waambie wa nyumbani watafute boti usiku huo huo. Msingoje ile ya abiria ya asubuhi.