Teke limegusa nguo, mbona laifu haijapungua?

Jana kwa pleisteshen nilimrushia jamaa teke, mguu ukaingia kabisa kwenye nguo yake, lakini laifu yake haikupungua. Ni pedi mbovu? (Msomaji, Umoja)

Pedi haina kosa, ndugu yangu. Gemu ya kupigana haiangalii ile picha unayoiona. Nyuma yake kuna mistatili iliyofichwa: boksi la kupiga, linalotokea kwenye mguu au ngumi wakati wa shambulio, na boksi la kupigwa, linalofunika mwili. Laifu hupungua boksi lako la kupiga likiingiliana na boksi la kupigwa la mpinzani, basi.

Tulipime teke lako kwa mfano, tukihesabu pikseli kutoka kushoto mwa skrini. Ncha ya kiatu chako imefika 156, na nguo ya jamaa inaanzia 144. Kwa macho, umeingia pikseli 12. Lakini boksi lako la kupiga limeishia 148, kwenye kifundo cha mguu, na boksi lake la kupigwa linaanzia 150, kwa kuwa nguo inayopepea imeachwa nje. Zimebaki pikseli mbili, kwa hiyo hujampata.

Angalia na muda pia. Gemu nyingi za aina hii huenda fremu 60, yaani picha 60 zinazofuatana, kwa sekunde. Boksi la kupiga likiwekwa kwa fremu 3, limeshatoweka baada ya sehemu ya ishirini ya sekunde, na mguu bado unaonekana umenyooka ukirudi. Jamaa akiingia hapo, anagusa picha tupu.

Si wangefanya tu boksi lifuate picha sawasawa? (Msomaji, Kasarani)

Hapo mchezo ungeharibika. Mhusika akisimama tu, kifua kinapanda na kushuka, nywele zinacheza. Boksi likifuata hayo yote, teke la umbali uleule lingempata sasa hivi na kumkosa nusu sekunde baadaye, nawe usingeweza kujifunza umbali wako. Mimi naona boksi lililotulia ndilo lenye haki zaidi. Tena kulinganisha mistatili miwili ni kazi nyepesi kwa mashine.

Nikikosa teke, mbona jamaa ananipiga mguuni na mwili wangu uko mbali? (Msomaji, Kayole)

Kwa sababu ukinyoosha mguu, boksi lako la kupigwa hurefuka nao, na mara nyingi hubaki hata baada ya boksi la kupiga kutoweka. Ndiyo gharama ya teke refu. Upanga ni afadhali: mara nyingi chuma hupewa boksi la kupiga peke yake, kwa hiyo akiupiga hupotezi kitu. Na katika matoleo mengi ya Street Fighter, Shoryuken, ile ngumi ya kuruka juu ya mhusika Ryu, ikianza tu, boksi la kupigwa huondolewa kwa fremu chache, ndiyo maana Ryu hupenya ngumi yako akakuinua.

Ukitaka kuyaona kwa macho, fungua Skullgirls upande wa mazoezi, uwashe maboksi, kisha urushe teke refu polepole ukiutazama mguu ukirudi.