Tangi la Paani: Swali la Mabomba Ambalo Halikosi Kwenye Mtihani

Wadogo zangu mnaoanza uhandisi hapa Mombasa, yale matangi meusi mnayoyaona juu ya mapaa ya Majengo na Kongowea ndiyo swali lenyewe. Uso wa maji uko mita 8 juu ya mdomo wa bomba. Bomba lina urefu wa mita 20 na kipenyo cha mm 25, kigezo cha msuguano f ni 0.03, na hasara za mlango, kona na vali zikijumlishwa zinafika K = 3. Tafuta mtiririko.

Anzeni kwa kuchagua nukta mbili: uso wa maji tangini, na maji yanapotoka tu mdomoni. Zote mbili ziko wazi kwa hewa, kwa hiyo shinikizo linafutika. Tangi ni pana, hivyo uso wake unashuka polepole mno na kasi yake tunaihesabu sifuri. Kinachobaki ni hiki:

8 = (1 + fL/D + K) v²/2g

fL/D ni 24, mabano yanakuwa 28, na v inatoka 2.37 m/s, yaani kama lita 1.16 kwa sekunde. Ukisahau msuguano na hizo hasara za K utapata 12.5 m/s. Na kumbukeni, msuguano haupunguzi kasi kadiri maji yanavyosonga ndani ya bomba la kipenyo kimoja. Mwendelezo haukubali hilo. Kinacholiwa ni shinikizo.

Sasa mtahini anafunga nozeli ya mm 12.5 mdomoni. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Eneo limekuwa robo, basi wanazidisha 2.37 kwa 4 na kuandika 9.5 m/s. Si sahihi, kwa sababu mwendelezo unalinganisha sehemu mbili za bomba kwa wakati mmoja. Hausemi kwamba mtiririko wa jana na wa leo ni sawa. Nozeli imebadilisha mtiririko wenyewe. Iteni kasi ya bombani v, ya nozeli 4v, kisha rudini kwenye nishati:

8 = (16 + 24 + 3) v²/2g

Tukipuuza hasara ndogo ya nozeli, v ni 1.91 m/s na maji yanaruka nje kwa 7.64 m/s. Mtiririko umeshuka hadi lita 0.94 kwa sekunde. Maji yanatoka kwa kasi zaidi, lakini ndoo inachelewa kujaa. Jibu lolote linaloonyesha mtiririko umebaki vilevile lina kosa.

Jambo la mwisho ni hiyo f. Vitabu vingine vinaandika 4fL/D, na f yao ni robo ya hii, 0.0075 kwa bomba letu. Mkiwa na shaka, tazameni fomula ya mtiririko tulivu waliyowapa: 64/Re huenda na fL/D, 16/Re huenda na 4fL/D.