Shehe anayeomba hela kwa namba mpya

"Wakuu, nimepata meseji ya shehe wetu kwa namba ngeni, picha ni yake kabisa, anaomba nitume mchango haraka. Nitajuaje kama ni yeye?"

Ndugu, piga ile namba yake ya zamani uliyokuwa nayo siku zote, hata kama meseji inasema simu hiyo imeharibika. Usiulize kwa kujibu meseji, kwa maana atakayekujibu ni huyo huyo aliyeiandika.

Mimi ni wakala wa huduma za fedha hapa Ujiji. Bibi mmoja, mteja wangu wa muda mrefu, alifika na shilingi 150,000 akitaka nimwekee shehe wa msikiti wao. Meseji ilianza kwa salamu kamili, ikasema kuna maiti ya msafiri asiye na ndugu ambayo inatakiwa kusitiriwa kabla ya Alasiri, kisha ikamalizia hivi: "Usipige, niko kikaoni. Jina litatoka la mhazini." Tapeli aliyetunga maneno hayo anatujua vizuri, kwani sote tunajua kuwa maziko hayacheleweshwi, na ni watu wachache wanaothubutu kumhoji shehe.

Sentensi ile ya jina ndiyo iliyonishtua. Kabla ya kuweka namba ya siri, mtandao huonyesha jina la aliyesajili laini, na tapeli hulijibu swali hilo kabla hujaliuliza. Jina lililotoka lilikuwa la mwanamke, ilhali mhazini wao ni mzee ninayemfahamu. Hata hivyo, jina likilingana usitulie, kwa sababu laini nyingine husajiliwa kwa alama za vidole za watu wasiojua lolote. (Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.) Nilimwomba bibi apige namba ya zamani, shehe alipokea mwenyewe, yuko nyumbani, wala hana habari ya maiti yoyote.

Tulipochunguza, tuligundua kuwa orodha ya michango ya ukarabati ilikuwa imebandikwa kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na majina, namba za simu na kiasi alichotoa kila mtu. Kwa tapeli, orodha hiyo inaonyesha nani hutoa na hutoa kiasi gani. Picha ya shehe nayo ilikuwa humo humo. Siku hizi mhazini huandika majina na kiasi tu.

Kama hela imeshakwenda, piga 100 mara moja, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uombe muamala uzuiwe, kwa kuwa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha tena. Ikiwa uliwekewa na wakala, rudi kwake, maana kumbukumbu ya muamala iko kwenye laini yake. Baada ya hapo nenda polisi ukiwa na meseji hiyo bila kuifuta, halafu ripoti namba ya tapeli kwa TCRA kupitia 15040.