Mshumaa umemeza, bei haijageuka

"Mtaalamu, nafanya foreksi kwenye EURUSD, chati ya M15. Nilifundishwa kwamba pini baa na engalfingi, ule mshumaa unaomeza wa kabla yake, ni alama za uhakika kuwa bei inageuka. Mwezi uliopita niliingia mara 20 kwa kufuata umbo kama lilivyo darasani. Mara 13 nikapigwa stopu. Nihamie mshumaa gani wenye nguvu zaidi, au niweke indiketa ya kuitambua?" – Msomaji, Mwanza

Ndugu msomaji, usihamie mshumaa mwingine, na indiketa usiiweke. Maumbo unayatambua vizuri. Kilichokuumiza ni kuamini kwamba umbo lenyewe ndilo linalogeuza bei.

Fanya jaribio hili leo. Kwenye M15 tafuta mshumaa mwekundu ulioanza saa 5:00 na wa kijani ulioumeza saa 5:15. Kisha hamia M30. Ile miwili sasa ni mshumaa mmoja: umefunguka, umeshuka sana, umerudi kufunga juu kidogo ya pale ulipofungukia. Hiyo ni pini baa. Soko lilifanya jambo moja tu, na saa ndiyo iliyolikata kwa namna mbili. Kama mwekundu ungeanza saa 5:15 na wa kijani saa 5:30, M30 ingewagawa kwenye mishumaa miwili, na pengine usingeona umbo lolote. Kwenye H4 mambo huwa makubwa zaidi, kwa sababu broka ambaye seva yake inafuata GMT na yule anayefuata GMT+3 hawaanzi mshumaa saa moja. Pini baa nzuri kwa mmoja inaweza isiwepo kabisa kwa mwingine, na bei ni ileile.

Kwa hiyo utambi mrefu unakuambia kitu kimoja tu: ndani ya muda huo bei ilisukumwa upande mmoja ikarudishwa. Swali linalolipa ni nani aliyenaswa iliporudi, na jibu lake liko mahali ilipotokea.

Tuseme EURUSD imeshuka kwa siku kadhaa kutoka 1.0960. Kwenye chati ya siku kuna sakafu ya 1.0840, ambapo bei iligeuka mara mbili wiki zilizopita. Walionunua hapo waliweka stopu chini yake, na stopu ya mnunuzi ni oda ya kuuza. Mshumaa wa H4 unafunguka 1.0868, unatoboa hadi 1.0832, unapanda hadi 1.0876 na kufunga 1.0872. Umefika pipsi 8 chini ya sakafu, umekusanya stopu zile, na umewavuta waliouza wakidhani sakafu imevunjika. Mnunuzi mkubwa amepata wauzaji aliowahitaji. Mshumaa ukifunga 1.0872, wale waliouza chini wote wako kwenye hasara, na njia yao ya kutoka ni kununua. Hapo ndipo nguvu ya kupanda inapotoka.

Oda ya kununua unaiweka 1.0878, pipsi 2 juu ya kilele cha mshumaa. Stopu inakaa 1.0828, pipsi 4 chini ya ncha ya utambi. Unahatarisha pipsi 50. Dari ya karibu ni 1.0960, kwa hiyo unalenga 1.0955, yaani pipsi 77. Kwa akaunti ya dola 500 na hatari ya asilimia 1, loti ni 0.01, kwa sababu pipsi 50 hapo ni dola 5. Bei ikivunja 1.0828, maelezo ya kunaswa yamekufa, na stopu haisogezwi.

Sasa chukua mshumaa huohuo, vipimo vilevile, uupandishe hadi katikati, utambi ukiishia 1.0882. Chini yake hakuna sakafu, hakuna stopu zilizokusanywa wala muuzaji aliyenaswa. Ukiingia 1.0928 na stopu 1.0878, dari ya 1.0960 inakuachia pipsi 32 za kupata kwa pipsi 50 za kupoteza. Huo ni mshumaa wa kuuacha upite, hata ukiwa mzuri kuliko picha ya darasani.

Mshumaa wa kumeza una udanganyifu wake wa ziada. Kwenye foreksi, mshumaa kwa kawaida hufunguka palepale ulipofungia uliotangulia, isipokuwa soko linapofunguliwa baada ya wikendi. Kwa hiyo ili kumeza, unahitaji tu kuwa na mwili mrefu kidogo kuliko jirani wa rangi nyingine. Mwili wa pipsi 6 ukimeza wa pipsi 2, hakuna aliyeshindwa. Linganisha na mishumaa kama 20 iliyotangulia. Kama mmezaji hauonekani mkubwa miongoni mwao, umeona kelele za kawaida za soko. Tazama pia ulikotoka: ili kitu kigeuke, lazima kiwe kilikuwa kinakwenda mahali. Bei iliyolala ndani ya pipsi 20 asubuhi nzima itazalisha mishumaa ya kumeza ya rangi zote mbili mpaka uchoke.

M15 inakuuma zaidi kwa hesabu ndogo tu. Stopu ya pipsi 8 na spredi ya pipsi 1.5 maana yake karibu sehemu moja ya tano ya hatari yako imeliwa kabla soko halijasogea. Na uwe macho na dakika New York inapofunga, saa 6 usiku kwa saa zetu wakati wa kiangazi cha Marekani, saa 7 usiku wakati wa baridi yao. Spredi hutanuka, na kwa kuwa MetaTrader kwa kawaida huchora bei ya kuuzia, tambi za chini huota bila muuzaji halisi.

Kuhusu indiketa ya mishale: nyingi huchora mshale kabla mshumaa haujafunga, na bei ikirudi mshale hufutika. Ukiitazama nyuma unaona mishale iliyobaki tu, ndiyo maana inaonekana haikosei. Mshumaa haujawa umbo mpaka ufunge.

Hivyohivyo ndivyo zinavyouzwa kozi na magrupu ya signo za Telegramu. Mtu anapitia chati iliyokwisha, anazungushia duara mishumaa 10 iliyogeuza bei, na anaruka 30 yenye umbo lilelile iliyopitwa kama haipo. Huo ni ulaghai, na unakula mitaji ya watu waliokopa. Kabla ya kumlipa yeyote, mpe mwezi mmoja wa EURUSD ambao wewe ndiye umechagua, achore sakafu na dari kwa chati ya siku iliyoishia siku moja kabla ya mwezi huo, kisha aweke alama kila pini baa na kila mshumaa wa kumeza wa H4, iliyofanya kazi na iliyofeli, pamoja na spredi. Akikataa, au akianza kueleza kwa nini huu na huu "haukuhesabika" baada ya kuona matokeo yake, funga mazungumzo. Hata kama tayari umelipia, usiingie tena kwa signo zake.