Siku mpangaji anapoingia, ufunguo uwe wa mwisho

Msomaji mmoja mwenye nyumba ya kupangisha Dar es Salaam ameniandikia kwa hasira. Mpangaji wake mpya amegoma kulipa bili ya kwanza ya maji, anasema "nimekuta deni". Mwenye nyumba anaapa hakuna deni. Nilipomuuliza mita ilisoma ngapi siku mpangaji anaingia, kimya. Basi huo ugomvi hauna mshindi. Kila mmoja ana neno lake, na mita haikumbuki nani alikuwa ndani lini.

Makosa mengi ya siku hii huanza na mpangilio. Kirikuu kimeshafika na godoro na friji, vijana wa kubeba wanadai hela yao, mwenye nyumba anatoa funguo pale pale getini na kusema "mengine tutaongea". Hayaongelewi tena. Mwambie mpangaji mapema kwamba mizigo ije angalau saa moja baada ya nyie wawili kukutana. Nyumba ikiwa tupu, ukuta wote unaonekana. Akishasogeza kabati, ule ufa wa nyuma yake hauna mwenyewe.

Anzeni na mita, nyote wawili mkiwa mmesimama mbele yake. Kwa LUKU, piga picha inayoonyesha namba ya mita, yaani zile tarakimu 11, na nyingine inayoonyesha yuniti zilizobaki. Kisha fanyeni jaribio ambalo wengi hawalijui: mkiacha swichi kuu imewashwa, zimeni kila taa na chomoeni kila kitu ndani, halafu muitazame ile taa ndogo inayopepesa kwenye mita. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu kinakula umeme ambacho hamkioni. Mara nyingi ni mota ya maji, taa za nje, au waya uliovutwa kwenda kwenye kibanda cha jirani. Kitafuteni siku hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine la LUKU linalozaa ugomvi. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Nyumba ikikaa tupu miezi minne bila mtu kununua, makato hayo yanajikusanya, na atakayenunua kwanza ndiye anayekatwa yote. Mpangaji anaweka hela yake, anapata yuniti chache, anaamini ameibiwa. Dawa ni rahisi: mwenye nyumba anunue umeme kidogo mwenyewe kabla ya siku ya makabidhiano, aone risiti, makato na deni lolote viishe mikononi mwake. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Makato ya miezi inayofuata nayo mkubaliane yanarudishwaje, kwa mfano kupunguzwa kwenye kodi ya pango, na iandikwe.

Kwenye mita ya maji, tarakimu nyeusi ndizo zinazohesabu yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000. Nyekundu ni vipande vya yuniti. Piga picha zote ila andika nyeusi. Halafu fungeni mabomba yote mkiangalia kile kigurudumu kidogo kinachozunguka maji yanapopita. Kama nyumba ina simtank, subirini kwanza lijae na boya lifunge, la sivyo mtaona mita inazunguka na kulaumu bomba lisilo na kosa. Tangi limejaa, mabomba yamefungwa, bado kinazunguka? Maji yanavuja mahali. Mshukiwa wa kwanza ni tangi la kuflashi chooni. Tieni humo kijiko cha kahawa ya unga, msiflashi, rudini baada ya dakika 15. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, mpira wa ndani umechoka. Ni kifaa kidogo, lakini kinaweza kupandisha bili mwezi mzima bila mtu kusikia hata tone.

Faida ya namba hiyo inaonekana bili ikija. Tuseme bili ya mwisho iliishia 412, siku ya kuingia mita inasoma 419, na bili inayofuata inasoma 431. Bili ni ya yuniti 19. Saba za mwanzo ni za mwenye nyumba, 12 ni za mpangaji. Na kwa kuwa ujumbe wa bili huenda kwenye simu iliyosajiliwa, ambayo kwa kawaida ni ya mwenye nyumba, kubalianeni ataupeleka kwa mpangaji siku ile ile unapoingia.

Sasa fomu ya makabidhiano. Fomu nyingi nilizoziona hazina thamani, kwa sababu zimejaa neno "nzuri". Mlango mzuri, dirisha zuri, choo kizuri. Andika kinachohesabika na kinachopimika: "Dirisha la sebuleni, vioo 6, cha chini kushoto kina ufa wa sentimita 10, wavu umetoboka pembeni." Sentensi hiyo haibishaniwi miaka miwili baadaye. Hesabu soketi na uzijaribu kila moja kwa chaja ya simu. Fungua kila bomba. Tazama dari: doa la duara lenye rangi ya chai ni alama ya paa lililovuja, hata kama leo ni kiangazi na pamekauka. Liandike.

Picha zipigwe mbili mbili, moja ya ukuta mzima ili ijulikane ni chumba gani, nyingine ya karibu ukiweka sarafu pembeni ya ufa. Zitumwe WhatsApp kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kabla hamjaachana, zibaki na tarehe kwenye simu zote mbili. Fomu iwe nakala mbili, sahihi kila ukurasa, na usomaji wa mita zote mbili uwe humo humo. Mpe mpangaji siku 7 za kuongeza asichokiona, maana kuna ubovu unaojionyesha usiku wa kwanza tu.

Hapo ndipo funguo zinapotoka. Kila ufunguo ujaribiwe kwenye kitasa chake, ufunge na kufungua, na idadi iandikwe: mlango wa mbele 3, grili 2, kufuli la geti 1. Aliyehama anaweza kuwa alichonga nakala, kwa hiyo badilisha silinda ya kitasa cha mbele. Kwa vitasa vya silinda huna haja ya kung'oa kitasa kizima. Mwenye nyumba akibaki na ufunguo wa akiba, iandikwe upo kwa nani na unatumika lini. Kubaki nao kimyakimya ni kukosa adabu, niseme wazi.

Maelezo ya kumkaribisha yasizidi dakika 10, na yafanyike kwa kutembea. Mwonyeshe swichi kuu, kisha azime na kuwasha mwenyewe. Mwonyeshe koki kuu ya maji, aifunge kwa mkono wake. Ikiwa imekwama kwa kutu, afadhali mjue leo kuliko usiku bomba limepasuka. Mwambie chemba iko wapi na nani analipia gari la kunyonya ikijaa, siku ya taka na hela yake, mchango wa mlinzi, saa ya kufunga geti, na ofisi ya serikali ya mtaa ambako atajiandikisha. Namba ya fundi bomba na ya fundi umeme zibandikwe ndani ya mlango wa kabati la jikoni, pamoja na namba ya mita ya LUKU, ambayo ataihitaji kila anaponunua umeme.