Usiku wa wasiwasi uandike kuanzia ubavu uliolalia

Watu wengi wanaoniletea kurasa zao kuhusu kukosa usingizi wanaanza na giza. Giza nene, giza totoro, giza la moyo. Hapa Mwanza neno hilo linanipa shida ya pekee, kwa sababu wenzetu wanaoishi kwa dagaa wanalipenda giza. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa haupo, mitumbwi inaingia ziwani, taa zinavuta dagaa juu, na asubuhi Mwaloni pale Kirumba panachangamka. Mwezi ukishajaa, mwanga wake unaishinda nguvu taa ya mvuvi, dagaa hawakusanyiki, na kazi inasimama kwa siku kadhaa. Marejesho ya mkopo hayasimami.

Kwa hiyo binti mmoja anayenunua dagaa mwaloni na kuwaanika aliponiletea ukurasa unaosema, "Usiku ule nilizama kwenye giza nene la msongo wa mawazo, nikahisi dunia imeniangukia," nilimuuliza mwezi ulikuwaje. Akacheka. Ulikuwa umejaa, ndiyo maana hakulala. Chumba chake kipo Igogo, juu huko kwenye mawe, na mbalamwezi ilikuwa inaingia dirishani hadi anaona mishono ya chandarua. Aliandika giza kwa sababu ndivyo watu wanavyoandika.

"Sasa dada, nisiposema msongo wa mawazo, watu watajuaje?"

"Watajua, mdogo wangu. Niambie kwanza ulikuwa umelalia ubavu gani."

Swali hilo najiuliza hata mimi, maana ni mtu wa kuamka saa nane usiku na kubaki macho. Ubavu unaleta mengine yote. Ukilala na sikio limebanwa kwenye mto unasikia mapigo yako mwenyewe, na ukishayasikia huwezi tena kuacha kuyasikiliza. Alikuwa amelalia kushoto. Akageukia kulia, mapigo yakamfuata. Hapo tayari tuna tukio, na hakuna aliyetaja ugonjwa wowote.

Rudio lake la pili lilikuwa na mwili, ila mwili wa kuazima: kijasho chembamba, moyo kwenda mbio, roho juu, tumbo joto, nywele kusimama. Kiswahili kimetujalia misemo mingi ya hofu iliyo mwilini, na huo ndio mtego. Ilishatumika sana kiasi kwamba msomaji anaipita bila kuhisi kitu. Namna ya kuigundua ni rahisi: hamisha sentensi uipeleke kwa mtu aliyekimbizwa na mbwa. Kama bado inafaa, haikuwa ya usiku wako. Nilimuuliza jasho lilitoka wapi. Akafikiri, akasema halikutoka. Miguu ilikuwa ya baridi, na joto lote lile la chumba cha bati. Hilo nililiamini mara moja, kwa sababu adrenalini ikipanda, damu hupungua kwenye ngozi ya mikono na miguu. Mtu anaweza kulala kwenye joto na nyayo zikawa baridi.

Tulipokaa muda mrefu zaidi ni kwenye mpangilio. Hofu ya usiku ina hatua zake: mwili unafanya jambo, akili inalitafsiri vibaya, mwili unaijibu ile tafsiri. Ukiandika "nilipata wasiwasi mkali" umezifunga hatua zote ndani ya gunia moja, na msomaji anaona gunia tu. Zifungue moja moja, kwa mfuatano uleule zilivyokuja. Yeye alizikumbuka hivi, na baada ya kufuta sana ukurasa ukabaki namna hii:

"Nikageukia kulia, mapigo yakaja na huko. Bati likalia ta! Nikajua ni mtu. Nikabana pumzi nisikilize. Nilipoiachia nikawa nahema mdomo wazi, haraka haraka. Midomo ikaanza kufa ganzi, kisha ncha za vidole, mkono huu na huu. Nikasema kimoyomoyo: kiharusi, kama kilivyompata mama mkubwa. Nikagusisha kidole gumba kwa kila kidole, vyote vikaitika. Nikarudia kuhesabu, safari hii zikawa elfu kumi kumi za marejesho ya Jumatano, na hazikufika."

Bati hulia usiku kwa sababu linapoa na kusinyaa baada ya jua la mchana; anayelala chini ya bati anajua, na bado saa nane hajui. Ganzi nayo ina chanzo chake. Ukihema haraka huku umelala tu, unatoa hewa ya ukaa kuliko mwili unavyoitengeneza, na hiyo inatosha kufanya midomo na vidole viwashe na kufa ganzi. Hayo maelezo nilimshauri asiyaweke. Usiku ule hakuyajua, na kutojua kwake ndiko kulikomleta mama mkubwa kitandani. Mwandishi ayajue ili asipange hatua kinyume, yaani ganzi ije kabla ya kuhema, halafu ayaache nje ya ukurasa.

Hapa niseme jambo nje ya uandishi. Kifua kinachobana na maumivu yakaenda begani au tayani, au upande mmoja wa mwili ukalegea na mdomo kwenda kombo, hayo si ya kuandika. Amsha watu, nenda hospitali usiku huohuo. Na ukienda kwa daktari kwa ajili ya usiku wa kawaida wa namna hii, peleka maelezo ya aina ile ya juu. Yatamsaidia kuliko ukifika na jina la ugonjwa ulilookota mtaani.

Kuhusu kukumbuka: usijaribu kutunga sentensi usiku. Mimi naweka kalamu ya risasi na kijidaftari chini ya mto, naandika majina ya vitu tu: sikio, bati, taya, mkojo. Simu siigusi, kwa sababu nikiiwasha naishia kusoma dalili za magonjwa. Asubuhi, kabla ya kuongea na mtu, nayageuza maneno hayo kuwa sentensi. Nikisubiri hadi mchana kichwa kinakuwa kimeshalipa jambo jina la jumla, na vitu vyenyewe vimepotea.

Kitu cha mwisho tulichobishania ni "usiku kucha". Alitaka kibaki. Nilimwambia ile hofu kali haikai usiku kucha. Inapanda, mara nyingi ndani ya dakika kumi hivi inafika kileleni, inashuka, na inaweza kupanda tena. Katikati kuna muda mrefu wa kuchosha: unakagua kufuli, unakwenda kukojoa matone mawili, unapanga upya nguo ambazo zilishapangwa. Alikubali shingo upande. Akaongeza sentensi moja ya kufungua ndoo ya maji, kuangalia kama yapo, na kuifunika, wakati jioni aliijaza mwenyewe. Kwangu hiyo ndiyo sentensi bora ya ukurasa mzima. Yeye bado anasema inamfanya aonekane mjinga, na amesema akiutuma kwa watu ataitoa.