Kabla hujageuza kitambaa: mpangilio wa matabaka ya faiba kwa mnaoanza

Mwaka wangu wa pili kwenye karakana ya boti, huku ufukweni upande wa Ilemela, nilipewa kutengeneza mfuniko wa stoo ya boti. Ulikuwa bapa tu, sentimita 60 kwa 60, vipande viwili vya kitambaa cha faiba cha mshazari. Kitambaa hicho mtakiona kila siku: nyuzi za uso mmoja zimelala digrii +45, za uso wa pili −45, na zimeshonwa pamoja. Nilipaka nta kwenye kioo, nikalaza kipande cha kwanza, nikalowesha rezini, nikalaza cha pili, nikatoa hewa kwa rola. Asubuhi nikaubandua na kuuweka mezani. Pembe mbili zinazotazamana ziligusa meza, nyingine mbili zilining'inia juu kwa zaidi ya sentimita mbili. Nikibonyeza moja, mwenzake anainuka.

Nilidhani nimekosea katalisti. Nikaupanga chini ya matofali siku nzima juani. Nilipoyatoa, ukarudi vile vile. Rezini haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa matabaka, na ili mlielewe lazima tuanzie kwenye tabaka moja.

Tabaka lenye nyuzi za upande mmoja ni kakamavu sana kwa urefu wa nyuzi na laini kwa upana wake. Kwa kazi ya mkono ya faiba ya kioo, chukueni gigapaskali 32 kwa urefu (E1), 8 kwa upana (E2), na 3 kwa kukatika mshazari (G12), yaani pale mraba unaposukumwa uwe kama msambamba. Tabaka likizungushwa, ukakamavu wake kwenye mwelekeo wa mzigo ni huu, ambapo c ni kosaini ya pembe na s ni saini yake:

```
1/Ex = c^4/E1 + s^4/E2 + (1/G12 - 2*v12/E1)*c^2*s^2
```

v12 ni kiasi ambacho tabaka hunywea kwa upana linapovutwa kwa urefu; tukiiweka kuwa 0.27, digrii 10 tu zinaushusha ukakamavu kutoka 32 hadi karibu 26. Digrii 20 zinaufikisha 17, na digrii 45 zinauacha kwenye 8.5, karibu sawa na kulaza nyuzi kwa upana. Hasara kubwa iko mwanzoni, kwenye zile digrii ambazo jicho linazisamehe. Kitambaa kikivutwa na rola kikapinda kidogo, wewe unakiona kiko sawa, lakini theluthi ya ukakamavu inaweza kuwa imeshaondoka. Mshazari nao una kazi yake: +45 na −45 zikishikana, ukakamavu wa kukatika mshazari unapanda kutoka 3 hadi karibu 9. Ndiyo maana tunauweka penye msokoto, kama ubavu wa boti inayopigwa na wimbi la pembeni ikielekea Ukerewe.

Sasa tupange matabaka manne, kila moja milimita 0.8, jumla 3.2. Mawili ni ya digrii 0, mawili ya 90. Kwa kuvuta, mpangilio haubadilishi kitu: wastani wa 32 na 8 ni 20, uyapange unavyotaka. Kwenye kupinda mambo ni mengine. Tabaka huchangia kulingana na umbali wake kutoka katikati ya unene, na umbali huo hupigwa kipeo cha tatu. Tabaka la nje linaanzia 0.8 hadi 1.6, kwa hiyo mchango wake ni 4.096 ukitoa 0.512, yaani 3.584. La ndani ni 0.512 peke yake. La nje linabeba mara saba ya la ndani.

Kwa hiyo 0/90/90/0 inakuwa na ukakamavu wa kupinda wa (7×32 + 8)/8, yaani 29. Ukiigeuza iwe 90/0/0/90, ni (7×8 + 32)/8, yaani 11. Kitambaa ni kile kile, rezini ile ile, uzito ule ule. Msiniamini kwa maneno, kateni vipande viwili vya upana wa sentimita 5, vilazeni juu ya mbao mbili zilizoachana sentimita 40, kisha ning'inizeni dumu lenye lita mbili za maji katikati. Hesabu inasema cha kwanza kitashuka milimita 6 au 7, cha pili zaidi ya 17. Mimi huwapa wageni zoezi hili kabla ya kuwapa brashi, na nawaacha wapime kwa rula wenyewe.

Mipangilio hiyo yote miwili ni ya kioo cha kujitazamia: kuanzia katikati, juu na chini vinafanana. Rezini inapokauka na kupoa hunywea, na hunywea zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu, kwa sababu nyuzi zinaizuia. Juu na chini zikifanana, mivuto inasawazishana. Zisipofanana, upande mmoja unamvuta mwenziwe na kipande kinajipinda au kujisokota chenyewe. Kwenye programu za hesabu mtaona jedwali tatu, A ya kuvuta, D ya kupinda, na B inayounganisha hizo mbili. Mpangilio ukiwa kioo, B yote ni sifuri. Ukiona namba kubwa humo, jua sahani yako haitatulia mezani.

Tena lile kosa langu si la uzembe. Nilijua sheria ya kioo, ndiyo maana kipande cha pili nilikigeuza juu chini, kama unavyogeuza chapati. Kwa kitambaa cha 0 na 90 ningekuwa sahihi. Kwa cha mshazari, ukigeuza, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: tabaka la chini linakuja juu, na pia kila +45 inakuwa −45 kwa kuwa sasa unaitazama kwa nyuma. Mabadiliko mawili yanafutana, na unabaki na kitambaa kile kile ulichoanza nacho. Nikapata +45/−45/+45/−45, ambayo si kioo hata kidogo.

Chukueni karatasi ya nailoni angavu, choreni mstari mwekundu wa mshazari juu na wa bluu chini, ukiukata ule mwekundu kama msalaba, kisha igeuzeni. Mtaona mstari wa juu sasa ni wa bluu, lakini umelala upande ule ule uliolaliwa na mwekundu. Dawa yake ni kukizungusha kipande cha pili digrii 90 hapo hapo mezani, uso wa juu ukibaki juu. Hapo unapata +45/−45/−45/+45, na njia hiyo inafaa hata kwa kitambaa cha 0 na 90.

Hesabu hii ina mpaka wake. Inachukulia kwamba matabaka yameshikana kabisa na sahani ni nyembamba. Haioni hewa iliyonaswa katikati, wala matabaka yanayoanza kuachana kwenye ukingo uliokatwa kwa grainda. Hayo mtayatafuta kwa kugonga na sarafu: palipoachana hutoa mlio mfu.

Mfuniko wa pili niliulaza baada ya kuchora mshale kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila kipande, uso wa juu, kabla ya kukikata kutoka kwenye robota la kitambaa. Mshale wa kwanza ulielekea ziwani, wa pili ulielekea barabarani Makongoro, robo mzunguko kati yake. Ulipobanduliwa, pembe zote nne ziligusa meza.